Makala Moja, Video Tano: Kisu Kinapita Wapi?

Mwaka jana niliandika makala ya maneno 1,900 kuhusu kuhifadhi mahindi nyumbani bila kuyapoteza kwa dumuzi wala kuyaacha yaote sumukuvu. Niliianzia shambani, wakati mahindi yanaanza kukauka yakiwa bado kwenye mabua, nikayafuata uani, ghalani, hadi jikoni. Mhariri aliipenda, kisha akaniambia jambo lililonifundisha kazi upya: wakulima wengi tuliowaandikia hawatasoma kurasa nne, lakini simu wanazo, na jioni wanatazama video. Akataka video fupi, kila moja isizidi dakika moja.

Nilifanya kile ambacho karibu kila mwandishi hufanya mara ya kwanza. Niliikata makala vipande vitano vinavyokaribiana kwa urefu, nikavipa majina ya sehemu ya kwanza, ya pili, hadi ya tano, nikavisoma mbele ya simu. Sehemu ya tatu ilianza hivi: “Baada ya hapo, ifunge kwa namna ileile.” Binamu yangu anayenunua mahindi soko la Kibaigwa, ambaye nilimtumia hiyo video peke yake, alinijibu kwa neno moja: “Nini?”

Jibu lake lilikuwa na haki yote. Msomaji wa makala huingia kwa mlango wa mbele. Akifika aya ya kumi, tayari amepita aya tisa, anajua mfuko gani unasemwa na kwa nini unafungwa. Mtazamaji wa video fupi huangukia tu. Video ya tatu inamjia kabla ya ya kwanza, katikati ya mpira na vichekesho, na pengine ndiyo pekee atakayoiona maisha yake yote. Kwa hiyo skripti ya video fupi haiwezi kuwa kipande cha makala. Inabidi iwe kitu kizima kidogo, chenye mwanzo wake na msingi wake.

Nilirudi kwenye makala na kalamu nyekundu. Safari hii sikutafuta mahali pa kukata, nilitafuta mawazo. Na hapa ndipo nilipogundua kwamba sikuwa najua wazo ni kitu gani. Ukingoni niliandika “unyevu”, “turubai”, “mifuko”, “sumukuvu”. Hayo si mawazo, ni mada. Ukimwambia mtu “unyevu”, hana la kukubali wala la kukataa, na kesho asubuhi hana la kufanya. Wazo ni sentensi nzima yenye kitenzi, ambayo mtu anaweza kuibishia au kuitekeleza. “Unyevu” ni mada. “Mahindi yanayoonekana makavu kwa macho huenda bado ni mabichi kwa ghala, na chumvi itakuambia” ni wazo. Mkulima anaweza kusema si kweli, au akaenda kutafuta chupa.

Nilipoandika upya pambizo zote kwa sentensi za namna hiyo, zilitoka 23. Wingi huo ulinifurahisha kwa muda mfupi. Nane zilikuwa wazo lilelile lililovaa nguo tofauti, kwa sababu makala ndefu hurudia mambo ili msomaji asipotee. Nyingine zilikuwa takwimu na historia: jinsi dumuzi alivyotoka Amerika ya Kati akaja kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, au jinsi sumukuvu ilivyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Mambo haya yalistahili nafasi yake katika makala, maana yanamfanya msomaji atulie na kuiona hatari. Lakini hayamwambii mkulima afanye nini. Niliyaweka pembeni, nikijua kwamba moja linaweza kurudi kama sentensi ya kufungulia video.

Zilizobaki nilizipima kwa kipimo ambacho Kiswahili chenyewe kinakupa bure. Soma sentensi, kisha zungushia kila “hiyo”, “hilo”, “huyo”, “hapo” na “hivyo”. Kila duara ni kamba inayoivuta sentensi hiyo kwenda kwenye jambo lililosemwa nyuma. Na usiishie kwenye viashiria, kwa sababu lugha yetu huficha kamba ndani ya vitenzi pia. Nilikuwa nimeandika, “Yakishakauka vizuri yanaweza kukaa hata msimu mzima.” Ndani ya makala hakuna tatizo, maana mahindi yametajwa mistari mitatu juu. Ndani ya video, “ya” ile haina mwenyewe. Yanaweza kuwa mahindi, maharage, majani ya chai au majeraha. Mwandishi haoni kosa hili kwa sababu kichwani mwake mahindi yapo muda wote. Dawa yake ni nyepesi: katika skripti, nomino itajwe tena, hata kama sikio la mwandishi linahisi marudio.

Wazo likiwa na kamba moja au mbili, unaweza kuzikata kwa kutaja jina la kitu. Likiwa na kamba sita, hilo si wazo linalojitegemea, ni hatua ndani ya hoja ndefu, na hoja ndefu makao yake ni makala. Kwangu hesabu ya kama mfuko usiopitisha hewa unalipa kwa misimu mitatu ukilinganishwa na dawa ya unga ya ghalani ilikuwa hivyo. Ilihitaji bei ya mfuko, bei ya dawa, bei ya mahindi wakati wa mavuno na miezi sita baadaye, na gharama ya punje zilizotobolewa. Nilijaribu kuibana ndani ya dakika moja, nikaishia kusoma namba kama mtangazaji wa mnada. Nikaiacha ibaki kwenye karatasi, ambako mtu anaweza kurudi nyuma kwa kidole.

Mwishoni yalibaki mawazo matano. La kwanza: jaribu ukavu wa mahindi kwa chumvi. La pili: usianike mahindi juu ya udongo mtupu, kwa sababu ukungu unaotoa sumukuvu makao yake ni udongoni. La tatu: mfuko usiopitisha hewa huua wadudu bila dawa, kwa kuwa wanamaliza wenyewe hewa iliyomo ndani. La nne: kila tabaka la mfuko hufungwa peke yake. La tano: kupika hakuondoi sumukuvu.

La tatu na la nne nilikuwa nimeyaweka pamoja. Yanahusu mfuko mmoja, na kwenye makala yalikaa aya moja. Lakini nilipomsomea jirani yangu skripti ya pamoja na kumuuliza nimesema nini, alijibu, “Umesema wadudu wanakosa hewa, na pia kuna kufunga fulani.” Ile “na pia” ndiyo iliyonishtua. Msikilizaji akikurudishia maneno yako kwa “na pia”, umempa mizigo miwili, na mmoja ameshauangusha njiani. Kufunga fulani ndiko kulikokuwa muhimu zaidi. Mfuko wa aina ya PICS una mifuko miwili ya plastiki ndani ya mmoja wa nje uliosukwa. Unakamua hewa, unasokota shingo ya mfuko wa ndani kabisa, unaikunja, unaifunga kwa kamba, kisha unarudia kwa wa pili, kisha wa nje. Anayezikusanya shingo tatu kwa fundo moja anaweza kuacha upenyo, na hewa ikipita dumuzi anaendelea kula. Jambo hilo lilistahili video yake lenyewe, mikono ikionekana kwa karibu na kinywa kikisema kidogo.

Baada ya kuchagua mawazo, kinachofuata ni kipimo cha muda, na hapa ushauri mwingi tunaoletewa kutoka kwenye Kiingereza unatudanganya. Huambiwa kwamba dakika moja hubeba maneno 150. Nilijipima kwa saa ya simu nikisoma Kiswahili kwa mwendo wa mazungumzo, nikapata kati ya 105 na 115. Sababu iko wazi ukiyatazama maneno yetu: “zinazosababishwa” ni neno moja kwenye hesabu, lakini kinywani ni silabi saba. Kwa hiyo usihesabu maneno tu, sikiliza silabi. Mimi huandika maneno tisini kwa video ya dakika moja, nikiacha nafasi ya kupumua na ya picha kufanya kazi bila mimi kuzungumza.

Ukizidisha utaona jambo linalowaumiza waandishi. Video tano zenye maneno tisini ni maneno 450. Makala ilikuwa na 1,900. Robo tatu na zaidi haikuingia popote, na hakuna ujanja wa kuiingiza. Mtu anayesema ameigeuza makala yake yote kuwa video fupi, ama makala yake ilikuwa na maji mengi, ama video zake ni ndefu kuliko anavyodai.

Sasa skripti yenyewe. Kwenye makala, aya ya ukavu ilianza hivi: “Unyevunyevu wa punje unapozidi kiwango kinachoshauriwa na wataalamu, huchochea ukuaji wa ukungu ambao huzalisha sumukuvu.” Ni Kiswahili kizuri cha kusomwa. Kwa kusemwa ni gogo. “Unapozidi”, “kinachoshauriwa”, “ambao”: kila kirejeshi kinamtaka msikilizaji ashike kitu mkononi akisubiri kingine kije. Msomaji ana jicho la kurudi nyuma, msikilizaji hana. Kila mahali penye “ambao” au “-cho-” nilipasua sentensi mbili. Ikawa: “Mahindi mabichi yakifungwa, yanaota ukungu. Ukungu ndio unaotoa sumu.” Na hata hiyo haikuingia kwenye skripti ya chumvi, kwa sababu inajibu swali la kwa nini, na wazo la video ile lilikuwa kujua kama.

Skripti ya mwisho ilikuwa hii, na niliisoma kwa sekunde 48:

“Mahindi haya yameanikwa siku nne. Ukiyatazama, makavu. Je, yamekauka kweli? Usiyaulize meno yako, iulize chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Weka mahindi hadi theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko vitatu vya chai vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika moja, iache chupa itulie robo saa. Sasa tazama ukuta wa chupa. Chumvi ikinata, mahindi bado yana maji: yarudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini, mahindi yamepita mtihani wa kwanza. Kama utayafunga kwenye mfuko usiopitisha hewa, yape siku moja zaidi ya jua. Na chumvi haipimi sumu, inapima maji tu.”

Karatasi yangu ilikuwa na safu mbili. Kulia maneno haya, kushoto kinachoonekana. Safu ya kushoto ndiyo iliyoniokoa maneno mengi. Kwenye makala nilitumia sentensi tatu kueleza chumvi iliyonata inavyofanana. Kwenye safu ya kushoto niliandika tu: “Chupa mbili ubavu kwa ubavu, moja ina ukungu mweupe wa chumvi ukutani, nyingine safi.” Kinachoonekana kisisemwe. Na kinyume chake pia ni kweli: robo saa haionekani, kwa hiyo lazima isemwe, na pia iandikwe kwenye skrini, maana wapo wanaotazama wakiwa ndani ya daladala sauti imezimwa.

Utaona hakuna salamu. Hili lilinisumbua kuliko mengine yote. Sisi hatuingii kwa mtu bila hodi, na sentensi ya kwanza niliyoandika ilikuwa, “Habari zenu ndugu wakulima, karibuni tena, natumaini mu wazima wa afya.” Ni maneno kumi na moja, sekunde sita hivi, na kidole cha mtazamaji hakihitaji hata tano kupita kwenda kwingine. Lakini kukata salamu kukiwa na sauti kali ni ufidhuli. Nilichofanya ni kuhamishia heshima kwenye namna ya kuzungumza: hakuna kumkaripia mkulima, hakuna “wengi hamjui”. “Usiyaulize meno yako” inamtania kidogo kwa sababu kila mtu hupima mahindi kwa kuyang’ata, na mimi pia.

Sentensi mbili za mwisho zinaweza kuonekana kama mawazo mapya yaliyojipenyeza. Sivyo, ni uzio. Jaribio la chumvi hukuambia tu kwamba maji ndani ya punje yameshuka chini ya asilimia 15 hivi, wakati mfuko usiopitisha hewa unataka kama asilimia 13. Mtu akifunga mahindi yaliyopita chumvi kwa shida, anaweza kuyakuta yamevunda. Kwenye makala nililieleza hilo kwa aya nzima yenye asilimia zake. Kwenye video asilimia hazimsaidii mtu asiye na kipima unyevu, kwa hiyo zikageuka kuwa siku moja zaidi ya jua. Na bila ile sentensi ya mwisho, nilijua kabisa yupo atakayepima mahindi yenye ukungu, aone chumvi imeanguka, aseme ni salama.

Hapa ndipo hatari kubwa ya kazi hii ilipo, na ndiyo maana sipendi kuona skripti zikikatwa na mtu asiyeielewa mada. Makala inapofupishwa, kinachoanguka kwanza ni masharti: “isipokuwa”, “ikiwa”, “lakini si kwa”. Yanaonekana kama mapambo, kumbe ndiyo yanayoifanya kauli iwe kweli. Skripti yangu ya kwanza ya wazo la tano ilisema, “Chambua punje zilizooza kabla ya kusaga.” Ni ushauri mzuri, unapunguza sumu. Lakini peke yake unamwachia mtu aamini kwamba punje nzuri kwa macho ni salama, wakati sumukuvu inaweza kuwa kwenye punje isiyo na doa, na moto wa ugali hauimalizi. Ilibidi nigeuze wazo lenyewe: video ikaanza na sufuria jikoni na kusema kwamba moto wa jikoni hauna nguvu hiyo, kisha ikaonyesha kwamba kazi hufanyika mapema zaidi, kwenye kuanika.

Njia ninayotumia kugundua sharti lililopotea ni kumpa skripti mtu aisome kwa nia mbaya. Namuuliza: “Ukitii neno kwa neno na usijue kingine chochote, utajidhuru vipi?” Binamu yangu wa Kibaigwa ni hodari sana wa kazi hii. Kuhusu mifuko aliniuliza, “Nikiufungua kila baada ya siku mbili kuchota debe?” Kwenye makala jibu lilikuwepo, aya ya kumi na nne. Kwenye skripti halikuwepo. Kila ukifungua unaingiza hewa mpya, na wadudu waliokuwa wanakaribia kufa wanapata nguvu tena. Sentensi moja ikaingia: “Mahindi ya kula mwezi huu yaweke kando, mfuko usiufungue.” Ili ipate nafasi ilibidi nitoe maneno niliyoyapenda kuhusu dumuzi, ambaye majirani zetu wa Kenya wamempachika jina la Osama. Yalikuwa yanachekesha, lakini wazo hawakulibeba.

Mpangilio wa video tano haukuwa na maana tena, na nilipoacha kuziita sehemu, kazi ilinyooka. Tuliitoa ya kuanika kwanza kwa sababu ilikuwa Juni na uwanja kila mahali umejaa mahindi, ya chumvi ikafuata, na ya jikoni tukaiweka mwisho. Kama zingekuwa na namba, tungefungwa na mpangilio wa makala badala ya msimu.

Jaribio la chumvi nililifanya mwenyewe mbele ya kamera, kwa mahindi yaliyokauka ya kutosha ambayo tayari yalikuwa yamepimwa kwa kifaa. Nikatikisa, nikasubiri robo saa, nikainua chupa kwa majivuno. Chumvi ilikuwa imenata kote. Nikarudia, ikanata tena. Ilituchukua muda kugundua kwamba chumvi ya jikoni ilikuwa imekaa wazi wiki nzima karibu na birika, imevuta maji. Ilikuwa inanata kwa unyevu wake yenyewe. Tukaikaanga kwenye kikaango kikavu dakika chache, tukaiacha ipoe, na jaribio likaenda sawa.

Makala ilikuwa imesema “chumvi kavu” na kupita. Wasomaji walioisoma na wahariri wawili walipita nayo. Ni kwenye safu ya kushoto ya karatasi, mahali pa kuandika kinachoonekana, ndipo ilipobidi mtu aikaushe hiyo chumvi. Video ikapata picha ya kikaango mwanzoni, nami nikarudi kwenye makala kuongeza sentensi moja iliyokosekana.